Nilitupa Kaskazini nikabaki na sita ya mianzi, ikanigharimu 11,600. Kosa lilikuwa raundi ipi?

MtaaWaKatwe · Jumapili, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kuusoma mkono mmoja wa mahjong, hii ya Kijapani yenye riichi, maana tangu jana sijalala vizuri.

Tulikuwa wanne kwa rafiki yangu kule Kansanga, mvua inapiga mabati hadi kete hazisikiki. Nimekaa Kusini, upepo wa meza Mashariki. Raundi ya saba nachota, mkono unakuwa hivi:

```
234678m 4599p 667s 4z
```

Yaani herufi zina mifuatano miwili iliyokamilika, duara nina nne na tano pamoja na jozi ya tisa, mianzi nina sita mbili na saba, halafu Kaskazini moja inaning'inia. Dora hamna hata moja. Hatua moja tu kabla ya tenpai.

Nikatupa Kaskazini. Niliona haina kazi. Raundi ya nane nikachota joka jekundu, nikalitupa. Raundi ya tisa mzee aliyekaa Mashariki akatupa nane ya duara, akatangaza riichi. Zamu yangu nachota tatu ya duara! Tenpai hiyo. Kinachotakiwa kutoka ni sita moja ya mianzi, nisubiri tano na nane. Nikaangalia kete zake nikaona alishatupa tisa ya mianzi. Nikajiambia sita imelindwa, nikaiweka mezani na riichi yangu juu.

Akasema roni. Alikuwa na nne na tano za mianzi, anasubiri tatu na sita. Riichi, ippatsu, pinfu na tanyao: 11,600.

Kete alizotupa kwa mpangilio, nilizipiga picha: Kaskazini, moja ya herufi, joka jeupe, tisa ya mianzi, moja ya duara, Magharibi, kisha mstari wa pili tisa ya duara, mbili ya herufi, nane ya duara ya riichi.

Swali langu: ile sita ningeijuaje?

---

Dogo_Bwaise · saa 3:24 usiku

Pole sana kaka. Hapo hukukosea kitu. Tisa imetoka, kwa hiyo sita ni suji. Mtu mwenye saba na nane anasubiri sita na tisa, na kama tisa ameshaitupa mwenyewe basi yuko furiten, hawezi kukuroni. Ulicheza kwa akili, ni bahati tu imekataa. Mimi ningetupa hiyo hiyo.

---

MzeeWaBombo · saa 3:51 usiku

Dogo, la furiten umelisema sawasawa, ila njia umeishika upande mmoja.

Sita ya mianzi inaviziwa kutoka pande mbili. Kuna mwenye saba na nane, anayesubiri sita na tisa. Huyo tisa aliyoitupa imemwondoa. Lakini kuna mwenye nne na tano, anayesubiri tatu na sita. Huyo tisa haimgusi hata kidogo. Ili sita ipumue pande zote mbili, kwenye kete za mzee yule ilitakiwa pawepo tisa NA tatu. Palikuwa na tisa peke yake.

Watu wengi huliingiza hili kichwani kinyumenyume. Sita ikitoka, inailinda tisa, kwa sababu tisa kwa mfuatano wa pande mbili inaviziwa na saba-nane tu. Inailinda na tatu, kwa sababu tatu kwa namna hiyo inaviziwa na nne-tano tu. Kete za kati, nne, tano na sita, zina milango miwili. Ukifunga mmoja umefunga nusu ya nyumba.

Sasa nikugeukie wewe MtaaWaKatwe. Umeuliza ungeijuaje sita kwenye raundi ya tisa. Mimi nadhani swali lako halisi liko raundi ya saba. Hebu niambie mambo mawili. Kaskazini ngapi zilikuwa zimeshatoka ulipotupa ya kwako? Na zile kete mbili za mwisho za mzee, mbili ya herufi na nane ya duara, zilitoka mkononi mwake au alizichota akazitupa hapo hapo?

---

MtaaWaKatwe · saa 4:02 usiku

Mzee shikamoo.

Kaskazini zilikuwa zimetoka mbili. Ya kwanza kabisa ni ya mzee mwenyewe, na nyingine ya yule wa Magharibi. Yangu ilikuwa ya tatu.

Mbili ya herufi na nane ya duara zote zilitoka mkononi. Nakumbuka nane aliichomoa upande wa kulia kabisa, na ile mpya aliyoichota akaipachika katikati.

Ila mzee, kwa nini raundi ya saba? Mkono nimeuweka kwenye tenhou.net/2 na kikokotoo kimeniambia hivyo hivyo: tupa 4z, kete 20 zinanipeleka tenpai. Nikitupa sita ya mianzi zinabaki 16. Ishirini si bora kuliko kumi na sita?

---

Karuma_Kambini · saa 4:15 usiku

Mimi nilifundishwa mahjong na Wachina tulipokuwa tukijenga bwawa Karuma. Kila jioni baada ya chakula kete zinamwagwa. Hayo ya kutazama nani ametupa nini hatukuwa nayo, kete zote zinarushwa katikati, zinachanganyika. Na mtu anaweza kutupa tisa sasa hivi, akageuka akakushinda kwa tisa hiyo hiyo raundi inayofuata. Imenitokea mara nyingi. Kwa hiyo msimdanganye kijana kwamba kete aliyoitupa mtu ni salama. Tupa kete isiyokufaa, kimbilia kushinda kwanza.

---

MzeeWaBombo · saa 4:33 usiku

Karuma, hujakosea kwa mchezo wenu. Kule furiten haipo, na kete zikirushwa katikati huwezi hata kusema ipi ni ya nani. Ila huyu kijana anacheza wa Kijapani. Kete zinapangwa mbele ya mwenyewe, sita sita kwa mstari, na sheria ni kwamba ukiwa na kete unayoisubiri kati ya ulizotupa, huwezi kumroni mtu. Ndiyo maana Kaskazini ya mzee wa Mashariki ilikuwa salama kwake asilimia mia. Sheria ndiyo inayomfunga, wala si desturi tu ya wachezaji.

Kijana, tuje kwenye ishirini na kumi na sita zako. Kikokotoo hakijakudanganya, lakini hakikuona meza. Chenyewe kinahesabu kana kwamba kete zote ambazo huna zipo hai. Tuhesabu pamoja kwa meza yako.

Ukitupa Kaskazini, zinazokupeleka tenpai ni tatu na sita za duara, tano na nane za mianzi, tisa ya duara, na sita ya mianzi. Kwenye picha yako naona tatu moja ya duara imetoka kwa wa Kaskazini, nane moja ya mianzi imetoka kwa wa Magharibi, na tisa moja ya duara ametoka kuitupa mzee raundi ile ile ya saba. Basi zimebaki 3, 4, 4, 3, 1 na 2. Jumla 17.

Ukitupa sita ya mianzi ukaweka Kaskazini, unapoteza ile tisa moja na zile sita mbili. Zinabaki 14.

Kete ambazo hujaziona wakati huo ni 96: kete 136 zote, toa 14 za mkono wako, toa 25 zilizotupwa, toa moja ya kuonyesha dora. Kwa hiyo kila unapochota, nafasi ya kufika tenpai ni 17 kwa 96 au 14 kwa 96. Ukichota mara nne, ya kwanza inakupa kama asilimia 54, ya pili kama asilimia 47. Tofauti ipo, sikatai. Ni kama mara saba kwa kila mia.

Sasa angalia unalipwa nini kwa hizo mara saba. Ukifika tenpai kwa tisa ya duara au kwa sita ya mianzi, umetengeneza kete tatu zinazofanana, na pinfu imekufa papo hapo. Unabaki na riichi peke yake: 1,300 ukimroni mtu. Ukifika kwa zile nyingine, una riichi na pinfu: 2,000. Yaani upana uliokuwa unautetea ni ule unaoleta mkono wa bei ya chini zaidi.

---

MamaSalma_Jinja · saa 5:05 usiku

Assalaam alaikum. Mzee wangu, hesabu yako naikubali, lakini 1,300 na riichi si kitu cha kudharau. Kuna kuchota mwenyewe, kuna dora za chini zinazofunuliwa ukishinda. Na tenpai ya mapema inawatisha wengine, wanavunja mikono yao. Ninaogopa vijana wakisoma hapa watakuwa wanashika pepo hadi mkono unakauka. Raundi ya saba ukuta bado una kete zaidi ya arobaini. Si usiku wa manane huo.

Halafu sita ya mianzi ukiitupa raundi ya saba, aliyekaa Magharibi anaweza kuichukua kwa chii. Unamkuza jirani.

---

MzeeWaBombo · saa 5:22 usiku

Wa alaikum salaam dada yangu. La jirani ni kweli, na ni gharama.

Lakini nimwonyeshe kijana kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kiini. Chukua zile kete sita zinazokuingiza tenpai, uzitazame moja moja, ujiulize: ikija hii, natupa nini?

Ikija tatu ya duara, unatupa sita ya mianzi. Ikija sita ya duara, unatupa sita ya mianzi. Ikija tano ya mianzi, unatupa sita ya mianzi. Ikija nane, vile vile. Ni kwa zile tatu tu za mwisho, tisa ya duara na sita za mianzi, ndipo unatupa saba badala yake.

Kwa hiyo kati ya kete 17, kwa 14 ile sita itatoka tu. Hukuwa unachagua kuitupa au kutoitupa. Ulikuwa unachagua kuitupa LEO au kuitupa KESHOKUTWA. Raundi ya saba hakuna aliyetangaza riichi. Raundi ya tisa, kumi, kumi na moja, kuna uwezekano mkubwa mtu ameshatangaza. Kete ni ile ile, bei yake inapanda kila raundi.

Na mzee wa Mashariki alitoa mbili ya herufi na nane ya duara kutoka mkononi baada ya hapo. Mtu anayebadilisha kete za mkononi mara mbili mfululizo kisha anatangaza riichi, mara nyingi bado alikuwa anajipanga raundi ya saba. Siwezi kuapa, kuna wanaokaa tenpai kimya. Lakini ukimuuliza atakwambia.

Ungeitupa raundi ya saba, ukaja kuchota ile ile tatu ya duara raundi ya tisa, mkono wako ungekuwa huu:

```
234678m 34599p 67s 4z
```

Unatupa Kaskazini, ambayo mzee mwenyewe ameshaitupa, unatangaza riichi, unasubiri tano na nane za mianzi. Tenpai ile ile, raundi ile ile, mkono wa 2,000 ule ule.

---

MtaaWaKatwe · saa 5:40 usiku

Mzee, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Nimemwandikia mzee wa Mashariki sasa hivi. Amejibu kwamba raundi ya saba alikuwa bado hatua mbili kabla ya tenpai. Ile nne na tano ya mianzi alikuwa nayo tangu mwanzo.

Kwa hiyo ingepita.

Nilichokuwa nakiona ni kwamba Kaskazini haina kazi mkononi. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi yake ni kunibebea ile raundi ya riichi.

---

Dogo_Bwaise · saa 5:48 usiku

Mzee asante kwa la tisa na sita, nilikuwa nalitumia hivyo mwaka mzima.

Ila sasa mnazungumza kana kwamba Kaskazini siku zote ni salama. Nilishawahi kushika Mashariki hadi raundi ya kumi na mbili, nikaitupa kwenye riichi ya mtu, kumbe alikuwa na jozi mbili, Mashariki na tatu ya herufi. Nikalipa mangan. Hiyo ya kushika pepo inakuwaje?

---

MzeeWaBombo · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mashariki yako zilikuwa zimetoka ngapi? Nakisia hakuna hata moja.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kete ya heshima ambayo haijatoka, mtu anaweza kuwa nayo mbili, anaisubiri iwe tatu. Hiyo ya kwako ilikuwa hivyo. Ikiwa imetoka moja na wewe unayo moja, zimebaki mbili, bado mtu anaweza kuwa na jozi hiyo. Lakini ikiwa zimetoka mbili na wewe unayo ya tatu, imebaki moja tu duniani. Hakuna anayeweza kuwa na jozi. Kinachobaki ni mtu aliyeishika hiyo moja peke yake akisubiri mwenziwe, au yule anayekusanya kete kumi na tatu za pembeni na za heshima, jambo la nadra.

Kwa hiyo Kaskazini ya kijana ilikuwa na ulinzi mara mbili. Kwa wa Mashariki na kwa wa Magharibi ni salama kwa sheria, wameshaitupa. Kwa wa upande wa Kaskazini ni salama karibu kabisa, kwa sababu imebaki moja. Kete ya namna hiyo ukiitupa raundi ya saba wakati hakuna anayekutisha, umeitumia mahali ambapo kete yoyote ingepita.

Kama Kaskazini ingekuwa haijatoka hata moja, mimi pia ningeitupa mimi mwenyewe raundi ya saba na kubaki na zile 17. Kusema "naweka kete salama" huku unaweka kete usiyoijua ni kujidanganya.

---

Karuma_Kambini · saa 1:40 asubuhi

Sasa naanza kuelewa mnachosema. Sisi kule anayetupa kete ya ushindi analipa zaidi, lakini tulikuwa tunaona ni ajali ya barabarani. Nina swali. Wakati mzee ametangaza riichi, kijana alikuwa na tisa mbili za duara, na mzee alikuwa ameshaitupa tisa ya duara raundi ya saba. Kwa sheria yenu hiyo ya furiten, si angetupa tisa akae kimya?

---

MzeeWaBombo · saa 1:52 asubuhi

Umeiona vizuri kuliko wengi. Ndiyo. Tisa ya duara ilikuwa salama kwa mzee, na kijana alikuwa nazo mbili, raundi mbili za kupumua. Angevunja jozi, mkono ungerudi nyuma, lakini 11,600 zisingetoka.

Sasa ndiyo swali gumu la raundi ya tisa, na hapa sina jibu la moja kwa moja. Yuko tenpai, anasubiri pande mbili, zimebaki tano nne na nane tatu kwa alichokiona. Mbele yake mwenye Mashariki ametangaza riichi, na akilipwa analipwa mara moja na nusu. Kete ya kusukuma ni sita iliyofungwa mlango mmoja. Mkono ni 2,000. Mimi kwa bei hiyo ningevunja tisa. Ingekuwa na dora mbili ndani, ningeisukuma sita bila kulaumu mtu.

---

MamaSalma_Jinja · saa 3:20 asubuhi

Hapo mimi naisukuma hata bila dora, mzee. Kusubiri pande mbili na kete saba hai, siwezi kuvunja. Sita ile mzee wa Mashariki angekuwa nayo kwa njia ya tatu-sita tu, au mapengo, au jozi. Kuna kete nyingine nyingi ambazo angeweza kuwa anazisubiri. Nikivunja kila mara mtu akitangaza riichi nitamaliza jioni bila kushinda mkono.

Lakini la raundi ya saba nimelifikiria usiku kucha, na nina jambo la kuongezea ambalo mzee hakulitaja. Sita ikitoka mapema, ina faida nyingine. Tuseme kijana ametangaza riichi kwa kutupa sita ya mianzi. Kila mtu mezani anatazama kete ya riichi, anajiambia: ametoa sita iliyokuwa imebaki, basi kuna kitu jirani yake. Tano, nane, nne, saba za mianzi zote zinafungiwa ndani. Anasubiri tano na nane, hatapewa na mtu.

Akitangaza kwa Kaskazini, na sita iko nyuma kidogo kwenye mstari, nani atafikiri juu ya nane? Wengi wanaona sita imeshatupwa, wanahesabu kwamba nane ya nje ya sita ina nafuu. Wanaitoa. Mimi nimekula nane nyingi namna hiyo pale Jinja.

Kwa hiyo nakubali kwa mzee kwenye mkono huu, lakini kwa sababu yangu. Ila kwa raundi ya tatu au ya nne, natupa Kaskazini na simsikilizi mtu.

---

MzeeWaBombo · saa 3:45 asubuhi

Raundi ya tatu na mimi natupa Kaskazini, dada. Ukuta ni mrefu, hakuna anayekaribia, na zile kete nne za ziada zitakuwa zote hai. Mimi huwa nageuka kete ya saba, mstari wa pili unapoanza mbele yangu. Wengine wanasubiri hadi ya tisa au ya kumi. Na mkono ukiwa ghali, au mimi ndiye niliyekaa Mashariki, nakaa na upana kwa muda zaidi.

---

Dogo_Bwaise · saa 4:02 asubuhi

Mbona raundi ya saba hasa? Kwa nini si ya sita?

---

MzeeWaBombo · saa 4:10 asubuhi

Kwa sababu mezani kwetu ndipo riichi zinapoanza kuja. Meza ya watu wa haraka inaweza kuwa ya tano. Usitazame namba tu. Tazama watu wanatupa nini: wakishamaliza kutupa pepo na kete za pembeni, wakaanza kutoa mbili, saba, nane kutoka mkononi, mikono yao imeshapata umbo. Mzee wa Kansanga alitupa kete saba za mwanzo zote za pembeni na za heshima. Mtu wa namna hiyo mkono wake umejaa kete za kati. Hapo sita yoyote iliyozidi mkononi mwako ianze kukuwasha.

---

MtaaWaKatwe · Jumapili iliyofuata, saa 2:30 usiku

Wakuu, narudi na taarifa.

Jana tulicheza tena, safari hii kwa meza mpya ya fundi wa Ndeeba, kitambaa cha kijani juu. Mkono wa tatu nikajikuta pale pale. Mifuatano miwili, tatu na nne za mianzi, jozi ya nane za duara, tano mbili na sita za herufi, na joka la kijani moja. Majoka ya kijani mawili yalikuwa yameshatoka. Raundi ya nane.

Nikatupa tano ya herufi, nikaweka joka.

Raundi ya kumi nikachota tano ya herufi. Ningekuwa nimetupa joka, hiyo ingekuwa tenpai. Niliitazama kwa muda, nikaitupa. Raundi ya kumi na moja wa upande wa Kaskazini akatangaza riichi. Nikatoa joka. Iliyofuata nikatoa moja ya mianzi ambayo alikuwa nayo kwenye mstari wake. Sikumpa kitu, ukuta ukaisha, yeye peke yake akiwa tenpai. Nikalipa 1,000 kama wengine wawili.

Alipofunua, alikuwa anasubiri nne na saba za herufi. Tano yangu isingemshibisha, wala sita. Yaani ningetupa joka raundi ya nane, ningekuwa tenpai raundi ya kumi kabla yake, na hakuna kete yangu ambayo ingenigharimu.

Sijui niisomeje hii.

---

MamaSalma_Jinja · saa 2:55 usiku

Hizo ndizo zile mara saba kwa mia, mwanangu. Ulizilipia jana.

---

MzeeWaBombo · saa 3:12 usiku

Ni kweli, alizilipia. Kijana, ile sita iliyobaki mkononi baada ya kuchota tano ya pili: hukufikiria kuishika tano na kuachia kitu kingine raundi ya kumi? Weka mkono wote hapa kama ulivyokuwa, pamoja na kete zilizokuwa zimetoka za kila mtu. Nataka kuona kama nne na saba za herufi zilikuwa bado hai, maana kama alikuwa anasubiri nne na saba, mlikuwa mnazigombania kete zile zile.

---

MtaaWaKatwe · saa 3:20 usiku

Napakia picha, mzee. Umeme umekatika mtaani, nasubiri simu ipate chaji kwa jirani.